Slabu yenye mashaka: imepimwa kwa mzigo, namba zimekuja za ajabu, sasa ufanyeje?

Naandika hii kwa sababu maswali yanajirudia. Mtu amemwaga slabu, kyubu za zege lake za siku 28 zimefeli maabara, injinia kasema ipimwe kwa mzigo, mzigo umepandishwa, halafu geji zinazopima slabu inavyoshuka zinasoma vitu ambavyo hakuna anayevielewa na mwenye jengo kasimama pale anataka jibu la "imepita au haijapita". Nimeyapanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye geji au kwenye zege lenyewe, sababu inayotokea sana nimeiweka mbele na zile za nadra nyuma.

Nitatumia kazi moja tuliyoifanya Dar, jengo la ofisi la ghorofa mbili, ili namba zisielee hewani. Mchoro ulitaka zege la daraja 25, yaani nguvu ya nyutani 25 kwa milimita ya mraba, kyubu zikatoa kati ya 14 na 16, vipande vilivyokatwa na mashine kwenye slabu yenyewe vikatoa kati ya 16 na 18. Paneli ni mita 4.5 kwa 6, unene milimita 150, imekaa juu ya boriti pande zote nne, na slabu ilikuwa na siku 70. Tulipima paneli mbili, nitaziita ya kwanza na ya pili, na zilitupa majibu tofauti kabisa japo zege ni la siku moja na mikono ileile.

Kwanza mzigo wenyewe, maana nusu ya matatizo yanaanzia hapa

Kwa BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza ya majengo ya zege, unachukua kubwa kati ya hizi mbili, D ni uzito wa kudumu na L ni mzigo wa matumizi:

```
W = D + 1.25L
W = 1.125(D + L)
```

Kwetu slabu yenyewe ilikuwa 3.6 kilonyutani kwa mita ya mraba, sakafu na plasta ya chini ambazo hazijawekwa bado 1.5, kwa hiyo D ni 5.1. Matumizi ya ofisi 2.5 ukijumlisha kuta nyepesi 1.0, L inakuwa 3.5. Ya kwanza inatoa 9.48, ya pili 9.68, tunachukua 9.68. Sasa hapa ndo watu wanapokosea: slabu tayari inajibeba yenyewe, hivyo unachopandisha ni 9.68 toa 3.6, karibu 6.1. Sakafu na plasta usizitoe kwa sababu bado hazipo juu yake. Niliwahi kuona ripoti ambayo mtu alitoa D yote, akapandisha pungufu ya robo nzima ya mzigo, na slabu "ikapita".

Hiyo 6.1 kwa maji ni kimo cha sentimita 62. Kwa mifuko ya simenti ya kilo 50 ni kama mifuko 336 kwenye paneli moja. Sisi tulitumia maji, tukajenga boksi la plaiwudi lililokazwa pembeni na kutandikwa nailoni nzito ndani, tukajaza kwa hatua nne za sentimita 15 na nusu, kila hatua tunasubiri kidogo kabla ya kusoma. Maji ni mazuri kwa sababu huhitaji kupima mfuko mmoja mmoja, unaweka rula ukutani mwa boksi basi, ila boksi liwe imara kwelikweli, ni karibu lita 16,800 hizo.

Chini ya slabu tuliweka jeki za chuma na mbao juu yake, lakini hazigusi slabu, tuliacha nafasi ya sentimita 4. Hizo ni za kuidaka slabu ikidondoka, hazitakiwi kusaidia kubeba. Na geji zinasimama kwenye stendi zake peke yake, zisifungwe kwenye hizo jeki.

Dalili: geji inacheza na mzigo haujaongezwa

Sababu ya mara nyingi ni stendi. Imesimama kwenye ubao unaobonyea, au kwenye udongo, au mtu kaifunga kwenye jeki kwa kuona ni kazi rahisi. Kabla ya kufikiria kitu kingine gusa stendi kwa kidole uangalie kama sindano inatikisika, kisha tembea karibu yake kama vile unapita tu. Ikicheza, shida ni stendi, slabu haijafanya kitu.

Inayofuata ni jua. Slabu iliyo wazi juu inapashwa joto upande mmoja, inajikunja yenyewe, na kwa Dar mchana unaweza kupata usomaji unaopanda na kushuka bila hata ndoo moja ya maji. Dawa yake ni kusoma geji siku nzima moja kabla, bila mzigo, ili ujue jua peke yake linafanya nini, halafu usomaji wako mkubwa uufanye saa moja asubuhi siku zote, saa ileile. Sisi tuliona jua linasogeza kama 0.2 ya milimita katikati ya paneli. Ni ndogo, ila ukiwa na mnepo wa milimita 2 hiyo ni asilimia kumi.

Ya nadra zaidi ni boriti zenyewe kushuka. Weka geji kwenye boriti pia, kisha toa wastani wake kwenye usomaji wa katikati. Namba zote ninazotaja huko chini zimeshatolewa hivyo.

Dalili: slabu hainepi kabisa, au inanepa kidogo mno

Hii watu wanaifurahia, mimi inanitisha kuliko zote, kwa sababu slabu mbovu inaweza kupita kwa njia hii na ripoti ikasainiwa.

Angalia kwanza kama kuna kitu kinaigusa chini. Mirunda iliyosahauliwa, mbao za fomu ambazo hazijabomolewa kwenye kona, ukuta wa tofali uliojengwa mpaka ukabana slabu juu. Pitisha kipande cha karatasi juu ya kila jeki, kikikwama, hapo inasaidiwa. Fanya hivyo kabla ya mzigo, na baada ya kila hatua mulika tochi ukiwa mlangoni uone kama mwanga bado unapita juu ya jeki, usiingie chini.

Kama umetumia tofali au mifuko, angalia jinsi ulivyopanga. Tofali zilizobanana kutoka ukuta hadi ukuta zinatengeneza tao, katikati slabu ikinepa zile tofali zinashikana zenyewe na kupeleka uzito pembeni kwenye boriti, slabu haisikii kitu. Panga kwa mafungu yaliyoachana, mafungu madogo madogo, kuwe na njia unayoweza kupitisha mkono kati ya fungu na fungu. Na tofali zipime mizani, chukua kama kumi kutoka sehemu tofauti za rundo, usitumie uzito wa kitabuni, tofali lililonyeshewa na lililokauka haliko sawa.

Ukishamaliza hayo na bado mnepo ni mdogo basi inawezekana kweli slabu ni ngumu, hilo nalo linatokea. Linganisha na hesabu. Kama hesabu yako inasema milimita 2 na geji inasema 0.3, rudi ukatafute kinachoibeba.

Dalili: mzigo umeshajaa lakini geji inaendelea kushuka

Kidogo ni kawaida. Zege lina tabia ya kulegea taratibu chini ya mzigo, na lile dhaifu linalegea zaidi. Kinachokupa jibu ni mwendo wake kadiri muda unavyokwenda. Soma kila nusu saa na uandike: mwendo ukipungua kila mara, slabu inatulia, ukiwa uleule au ukiongezeka, haitulii.

Paneli yetu ya kwanza: hatua nne zilitoa 0.48, kisha 1.02, kisha 1.63, kisha 2.31 milimita. Ukiangalia nyongeza za kila hatua zinakua taratibu sana. Baada ya saa 24 ikasoma 2.74. Imetulia, nzuri.

Paneli ya pili: 0.9, kisha 2.1, kisha 3.9, kisha 6.2. Uzito ni uleule kila hatua lakini slabu inashuka zaidi na zaidi, ya kwanza iliongeza 0.9 na ya mwisho ikaongeza 2.3. Hapo tayari nilijua kuna kitu, tukakaa tunaiangalia usiku. Saa mbili baada ya kujaa ilikuwa 6.9, saa nane baadaye 7.5, asubuhi yake 7.9. Mwendo ulikuwa unapungua, ndo maana hatukumwaga maji usiku uleule.

SIMAMA HAPA: kama mwendo hauna dalili ya kupungua, au unasikia mlio wa kupasuka, au vipande vya zege vinadondoka chini, fungua maji yatoke na watu wote watoke eneo la chini na la juu, halafu mpigie injinia wa miundo aliyesajiliwa. Weka bomba la kutolea maji mapema, lenye koki nje kabisa ya paneli. Usimtume kijana chini "akaangalie tu", soma kwa darubini au kwa simu iliyofungwa mbele ya geji.

Dalili: mnepo umevuka kikomo

Kikomo ambacho wengi tunakitumia ni cha IS 456, kanuni ya zege ya India; spani, yaani umbali kati ya boriti na boriti, kwa mita, unene kwa milimita, jibu kwa milimita:

```
40 × L² / h
```

Hiyo L hapa ni spani, usiichanganye na mzigo wa matumizi kule juu. Kwa slabu ya njia mbili, inayopeleka uzito pande zote nne kama yetu, chukua spani fupi. Kwetu 40 × 4.5² / 150 ni milimita 5.4. Slabu ikinepa chini ya hapo ndani ya saa 24, kwa kanuni hiyo hulazimiki hata kupima kurudi kwake. Ikivuka haimaanishi imefeli papo hapo, inamaanisha sasa inabidi uipime jinsi inavyorudi, na hiyo ndo hukumu.

Kabla ya kuhukumu hakikisha unene. Toboa tundu dogo upime kwa waya wenye ndoano, sehemu tatu au nne. Na hapa pana mtego, ukiangalia hiyo fomula slabu nyembamba inapewa kikomo kikubwa zaidi, yaani fundi aliyekuibia unene anaonekana kama amekupa nafasi ya ziada. Kwa hiyo ukikuta unene ni pungufu, usiishie kwenye fomula kusema "imo ndani", injinia apige hesabu ya slabu upya kwa unene halisi.

Paneli ya kwanza 2.74, iko chini mno ya 5.4. Ya pili 7.9, imevuka.

Dalili: mzigo umetolewa, slabu hairudi

Unatoa mzigo kwa hatua, unasubiri saa 24, unasoma kilichobaki. Zege la nondo la kawaida linatakiwa lirudi angalau asilimia 75 ya mnepo wake. Paneli ya kwanza ilibaki na 0.52, kwa hiyo imerudi 2.22 kati ya 2.74, asilimia 81. Hatukulazimika kupima ila tulipima. Tukairudia mzigo mara ya pili, ikanepa 2.41 na kubaki na 0.28, asilimia 88. BS 8110 inataka marudio ya pili yasiwe mabaya kuliko ya kwanza, na hayakuwa.

Ya pili ilibaki na 3.4 kati ya 7.9. Asilimia 57.

Ukipata hivyo, sababu ya kwanza kuitafuta ni usomaji, labda geji iligongwa wakati wa kutoa maji au stendi ililowa ikabonyea. Ya pili ni kwamba slabu haijawahi kubeba kitu, nyufa zake za kwanza zimefunguka siku hiyo na zege limekaa sawa kwenye nondo, hii ni ya kweli na ndo sababu kanuni inakuruhusu kurudia. Unasubiri saa 72 tangu utoe mzigo, unapandisha tena uleule, na safari hii inatakiwa irudi asilimia 80 ya mnepo wa mara ya pili. Tulirudia. Ikanepa 6.6 na kubaki na 1.9, asilimia 71. Hapo hakuna tena cha kujadili, usije ukarudia mara ya tatu na ya nne mpaka upate namba unayoitaka, kila mara unaiumiza.

Dalili: nyufa

Nywele ndogo chini katikati ya slabu wakati wa mzigo ni kawaida, nondo haifanyi kazi yake vizuri mpaka zege lipasuke kidogo. Zichore kwa chaki na uandike tarehe pembeni, kabla na baada, kwa sababu mwenye jengo atakuja kusema ufa wa zamani umeletwa na wewe. Upana upime kwa ile kadi ya mistari, ukiwa umeshatoa mzigo.

Paneli ya pili ilikuwa na nyufa zinazotoka kona nne zikikimbilia katikati kama bahasha ukiigeuza mgongo, pana mpaka 0.4 ya milimita hata baada ya maji kutoka. Mchoro huo kwenye slabu ya njia mbili unakwambia nondo za chini zinafika mwisho wake.

SIMAMA: nyufa za mshazari kwenye ubavu wa boriti karibu na nguzo, au duara la nyufa juu kuzunguka nguzo. Hizo ni za kukatika, na kukatika hakutoi onyo kama kunepa. Slabu bapa isiyo na boriti, iliyokaa moja kwa moja kwenye nguzo, usiipime kwa mzigo kabisa bila injinia kuwepo hapo na hesabu yake mkononi.

Kwa nini zege moja limetoa majibu mawili

Hapa ndo kuna somo la hii kazi yote. Kwenye slabu ya kawaida yenye nondo za wastani, kinachobeba kupinda hasa ni nondo na kina chake, zege la 16 badala ya 25 linapunguza nguvu ya kupinda kidogo tu. Ndo maana paneli ya kwanza ilipita na zege lake bovu. Kwa hiyo paneli ya pili ilipofeli nikaacha kuliangalia zege nikaleta skana ya nondo.

Pembeni kava, yaani zege linalofunika nondo kwa chini, ilikuwa milimita 20 kama mchoro. Ukisogea katikati inapanda, 30, 41, mpaka 48. Tukachimba tundu dogo karibu na kisanduku cha taa na tukaliona: bomba za umeme za plastiki tatu zimepita CHINI ya wavu wa nondo kuelekea kwenye taa ya katikati, zimeunyanyua wavu wote juu. Kina cha nondo kilitakiwa kuwa 125, pale kilikuwa 97, na pale ndipo slabu inapohitaji nondo zaidi. Paneli ya kwanza taa zake ziko ukutani, haina bomba.

Kama ungesoma kyubu peke yake ungebomoa zote mbili. Ungepima paneli ya kwanza peke yake ungezipitisha zote.

Hitimisho lilivyoandikwa

Watu wanataka neno moja, ila ripoti inatakiwa iseme imepima nini na haijapima nini. Sisi tuliandika hivi: paneli ya kwanza imebeba 9.68 kwa saa 24, mnepo 2.74 dhidi ya kikomo 5.4, imerudi asilimia 81 na 88, inakubalika kwa matumizi ya ofisi ya 2.5 pamoja na kuta nyepesi 1.0, si zaidi, yaani mtu asije akaweka stoo ya makaratasi pale. Paneli ya pili imeshindwa kurudi mara zote mbili, haikubaliki, isitumike na jeki zibaki chini na zikazwe mpaka irekebishwe.

Tukaongeza kwamba kipimo hakisemi kitu kuhusu miaka ijayo. Zege la 16 lina matundu mengi, hewa ya chumvi inaifikia nondo mapema, kwa hiyo plasta ya chini isiwe ya kubahatisha na slabu ikaguliwe kila baada ya miaka michache. Na kwamba tulipakia paneli moja moja, hatukupakia majirani wawili kwa pamoja, kwa hiyo nondo za juu kwenye boriti ya katikati zilithibitishwa kwa skana na hesabu, kipimo chenyewe hakikuzigusa.

Kuhusu marekebisho mwenye jengo alitaka aweke boriti ya chuma katikati ya paneli ya pili, agawe spani basi. Wazo si baya lakini halikamiliki hivyo, ukiweka boriti pale slabu itaanza kuvutwa kwa juu juu ya hiyo boriti, na pale juu hakuna nondo, utapata ufa sehemu mpya. Injinia wa miundo alipiga hesabu ya boriti mbili badala ya moja pamoja na nondo za juu zilizochimbiwa kwenye mifereji.

Skana ikapitishwa kwenye paneli zote kumi na mbili za ghorofa ile kufuata kila kisanduku cha taa. Tatu zaidi zilikuwa na bomba chini ya wavu.